Kabla Mashine Haijachora: Barua ya Wakala kwa Wauza Asali wa Sikonge

Siku hizi kazi nyingi za matangazo huanza na ujumbe mfupi wa simu: "Tunaomba picha nzuri ya asali yetu, tangazo litoke Ijumaa." Mteja ameshasikia kwamba programu za akili mnemba huchora picha kwa sekunde chache, na hakudanganywa. Andika tu "tangazo la asali ya Kiafrika" na picha inakuja, tena ya kuvutia. Shida huanza pale mtu wa Tabora anapoitazama. Asali yenyewe ni ya manjano iliyopauka, inachuruzika kutoka kwenye kijiti cha mbao chenye mifuo ncha nzima. Kando yake kuna maua meupe ya bustani, na nyuma masanduku ya nyuki yaliyopakwa rangi nyeupe yamepangwa juu ya majani mabichi. Asali ya miombo inayotoka Tabora na Sikonge mara nyingi huwa ya kahawia iliyokolea. Wafugaji wengi wa huko bado wanatundika mizinga ya magogo juu ya miti, na nyumbani kwetu asali inachotwa kwa kijiko.

Programu haikukosea kwa bahati mbaya. Imefunzwa kwa picha nyingi mno zilizoambatana na maelezo yake, nyingi zikiwa zimekusanywa mtandaoni, na huko picha za asali zilizojaa ni za Ulaya na Marekani. Usipotaja rangi, inaweka rangi iliyoizoea. Usipotaja jiko, inaweka jiko iliyoliona mara nyingi zaidi. Kila pengo unaloliacha kwenye maelekezo, au prompti kama mafundi wanavyoyaita, linajazwa na kitu cha mahali pengine. Kwa hiyo wakala anayejua kazi yake hakimbilii kuandika maelekezo. Anamwandikia kwanza mteja barua.

Tuchukue mfano wa kikundi cha wafugaji nyuki wa Sikonge. Wanauza asali Dar es Salaam katika chupa za nusu kilo, na mwaka huu wanataka kushiriki maonyesho ya Sabasaba katika viwanja vya Barabara ya Kilwa. Wanataka picha ya bango la bandani, ya kadi ya rafuni, na ya kurusha kwenye simu. Barua ya wakala inaanza hivi:

"YAH: TAARIFA TUNAZOHITAJI KABLA YA KUANDAA PICHA ZA TANGAZO LA ASALI

Ndugu Katibu, husika na kichwa cha habari hapo juu. Tumepokea ombi lenu na tuko tayari kuanza. Kabla ya kuandika maelekezo ya picha tunaomba mtujibu maswali yafuatayo. La kwanza: tangazo litakaa wapi, na mtu atalitazama akiwa umbali gani?"

Wateja wengi hushangaa kuona mahali pametangulizwa, tena mbele ya rangi na nembo. Sababu yake ni kwamba mahali ndipo panapoamua umbo la picha, na umbo haliahirishwi. Picha iliyochorwa ikiwa ya mraba haigeuki kuwa ndefu bila kukatwa au kuvutwa. Ukiikata, mtu anabaki bila bega. Ukiivuta, anakuwa mwembamba kuliko alivyo. Baadhi ya programu zinaweza kuongeza sehemu mpya juu au chini ya picha, lakini sehemu hiyo inabuniwa upya, na mara nyingi meza inabadilika mbao au dirisha linapata fremu ambayo haikuwapo.

Tulitazame bango la Sabasaba kwa karibu. Bango la kukunja linalosimama lenyewe, ambalo ndilo vikundi vingi hubeba kwenye maonyesho, kwa kawaida lina upana wa sentimita 85 na urefu wa sentimita 200. Ni jembamba kuliko umbo lolote ambalo programu nyingi hutoa kwa urahisi. Tuseme tunatumia programu inayotoa picha ya kusimama yenye pikseli 1024 kwa 1536, yaani uwiano wa 2 kwa 3. Ikijaza upana wote wa sentimita 85, urefu wake utakuwa sentimita 127 na nusu. Zinabaki sentimita 72 na nusu ambazo picha haizifikii. Hapo wakala ana uamuzi wa kufanya mapema: sentimita 40 za juu ziwe rangi tupu ya chapa, pakae nembo na maneno makubwa ambayo mtu atayasoma juu ya vichwa vya watu waliojaa bandani, picha ifuate katikati, na sentimita 32 na nusu za chini zibaki rangi tu, kwa sababu huko ni usawa wa magoti na meza huziba. Namba ya simu ikiwekwa chini kabisa hakuna atakayeiona. Haya yote yanajulikana kabla neno la kwanza la maelekezo halijaandikwa, mradi mteja ameshasema kuwa ni bango la kukunja na ametaja vipimo vya fremu aliyonayo.

Kisha kuna ukali wa picha, ambao ndio unaoaibisha watu mbele ya wateja wao. Sentimita 85 ni kama inchi 33 na nusu. Pikseli 1024 zikitandazwa kwenye inchi hizo, kila inchi inapata pikseli 30 tu. Kwa bango la barabarani linalotazamwa kutoka mbali, kiasi hicho kinaweza kutosha. Kwa bango ambalo mtu atasimama hatua mbili mbele yake, wachapishaji hutaka angalau pikseli 100 kwa inchi. Kwa hiyo picha lazima ikuzwe mara nne, ifike pikseli 4096 kwa upana, na hapo kila inchi inapata kama 122. Programu za kukuza picha zipo na zinafanya kazi nzuri, ila nazo hubuni vitu vidogo ili kujaza nafasi: zinaongeza vinyweleo, zinachonga meno upya, zinaligeuza ua la kitambaa kuwa alama isiyoeleweka. Njia ya kugundua ni rahisi. Chukua kipande cha picha iliyokuzwa chenye uso wa mtu, kichapishe kwenye karatasi ya A4 kwa ukubwa uleule kitakaokuwa nao bangoni, kibandike ukutani, kisha simama hatua mbili nyuma. Dosari itajionyesha hapo, wakati bado gharama ni karatasi moja.

Kadi ya rafuni haina maneno mengi. Ni A5, inashikwa karibu na macho, kwa hiyo inahitaji pikseli 300 kwa inchi, yaani 1748 kwa 2480, pamoja na milimita 3 za ziada kila upande ambazo mashine ya kukatia itazila.

Picha ya simu inataka uangalifu wa namna nyingine. Stori ya Instagramu na stetasi ya Wasapu hujaza skrini ya kusimama, pikseli 1080 kwa 1920. Ila juu hukaa jina la mwenye akaunti na chini hukaa sehemu ya kujibu. Wabunifu wengi huacha kama pikseli 250 juu na 340 chini bila kitu cha maana, hivyo zinabaki 1330 za katikati. Na hapa maswali ya mahali yanaanza kugongana. Kikundi kinataka picha ileile ya bango itumike kwenye simu. Ukiigeuza picha ya 1024 kwa 1536 iwe na umbo la simu, upana wake unapungua hadi 864. Pikseli 80 zinaondoka kila upande. Ikiwa mkono wa mama anayemimina asali uko ukingoni, unakatwa. Dawa yake ni kuiambia programu tangu mwanzo kwamba mtu na chombo viwe katikati, na kingo zote mbili ziwe ukuta mtupu. Picha moja inaweza kutumika mahali pawili iwapo wakala anajua kuwa ni mahali pawili. Akiambiwa baada ya kazi kuisha, anaanza upya.

Swali la pili la barua linahusu walengwa, na limeandikwa hivi: "Tafadhali tuelezeeni mtu mmoja ambaye mngependa anunue chupa hii. Ana umri gani, anaishi wapi, anaitumia asali saa ngapi na kwa chakula gani? Jibu la 'watu wote' halitatusaidia."

Sentensi hiyo ya mwisho inaonekana kali, lakini mimi naitetea. Mashine ikipewa "watu wote" inachora familia isiyo na mahali. Ikipewa "mwanamke wa Kiafrika" mara nyingi inaleta kilemba kikubwa, shanga nyekundu na vumbi la jioni nyuma yake. Au, upande wa pili, jiko la marumaru ambalo mnunuzi wa Tabata hajawahi kulipikia. Katibu wa kikundi akijibu kwamba mnunuzi wao ni mama wa miaka 35 hivi, mfanyakazi, anayeishi Dar es Salaam na anayeweka asali kwenye uji wa ulezi asubuhi kabla watoto hawajaenda shule, wakala anapata mambo mengi kwa mpigo. Anajua mwanga ni wa asubuhi. Anajua kuna jiko la gesi la mezani lenye sehemu mbili, sufuria ya uji, chupa ya chai yenye maua, vikombe vya udongo. Anajua mama amevaa dera au nguo ya kazini. Anajua watoto ni wa umri wa shule.

Hilo la umri wa watoto lina uzito kuliko linavyoonekana. Asali haitakiwi kupewa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyoleta botulizimu, ugonjwa hatari unaolegeza misuli ya mtoto mchanga. Neno "familia yenye furaha" likiingia kwenye maelekezo bila umri, mashine inaweza kabisa kumweka mama amempakata kichanga huku ameshika kijiko cha asali. Picha itapendeza, mteja ataipenda, na tangazo litakuwa linawafundisha akina mama jambo la hatari. Barua inamtaka mteja aandike umri wa kila mtoto anayetaka aonekane, na wakala anauandika kwa tarakimu: miaka 7, miaka 10.

Walengwa pia ndio wanaoamua hali ya asali yenyewe. Wanunuzi wengi mjini wakiona asali imeganda na kuwa chengachenga hudhani imechanganywa na sukari. Kuganda ni tabia ya asali halisi, kutokana na glukozi iliyomo, na asali nyingine huganda upesi kuliko nyingine. Kikundi kinaweza kuchagua kuonyesha asali ya majimaji, au kikachagua kuonyesha iliyoganda na kuieleza. Ila mashine haitafanya uchaguzi huo kwa niaba yao. Kila mara italeta asali inayochuruzika, na mnunuzi akifungua chupa iliyoganda nyumbani ataona ametapeliwa.

Ndipo barua inapofika kwenye chapa. Hapa wakala anaomba vitu viwili vinavyofanana machoni pa mteja lakini vina njia tofauti kabisa: vile vitakavyoingia kwenye maelekezo, na vile ambavyo mashine haitakiwi kuvigusa.

Nembo haiingii. Lebo haiingii. Maneno ya tangazo hayaingii, wala alama ya ubora ya TBS. Programu za picha zimeboreka sana katika kuandika herufi, hata hivyo bado hukosea, na kwa Kiswahili hukosea zaidi: herufi moja inajirudia, nyingine inatoweka, "asali halisi" inakuwa "asali halsi". Nembo nayo inachorwa upya kila mara, ikifanana na ya kweli bila kuwa yenyewe. Alama ya TBS iliyochorwa na mashine ni jambo zito zaidi, kwa kuwa alama hiyo hutolewa kwa bidhaa iliyothibitishwa na haibuniwi na mtu. Ndiyo sababu barua inaomba nembo katika faili la vekta, kama SVG, EPS au PDF, ili ibandikwe baadaye katika programu ya kawaida ya usanifu, ikuzwe hadi ukubwa wa bango bila kupoteza ukingo wake.

Chupa yenyewe pia haichorwi. Mashine itatoa chupa ya umbo lake, kifuniko cha rangi yake, na ujazo usiojulikana. Mnunuzi aliyeona chupa pana bangoni akapewa nyembamba dukani ana haki ya kulalamika. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa, na haiulizi kama picha ilitengenezwa kwa kamera au kwa maelekezo. Mashine inachora jiko, mwanga, mama na meza yenye nafasi tupu. Chupa ya kweli, iliyopigwa picha, inakuja kukaa kwenye nafasi hiyo.

Rangi zinaingia nusunusu. Kikundi kinaweza kuwa na rangi yake rasmi yenye namba, tuseme #8A4B12. Ukiiandika namba hiyo kwenye maelekezo, programu nyingi hazitaifuata sawasawa. Zitakupa kahawia fulani ya jirani. Afadhali kuandika kwa maneno, "kahawia iliyokolea, mwanga wa mshumaa ukipita ndani yake unaonekana mwekundu", halafu rangi kamili irekebishwe kwenye usanifu. Namba bado inahitajika kwa zile sehemu tupu za bango. Na mteja aambiwe mapema kwamba machungwa inayowaka kwenye simu itapoa ikifika kwenye karatasi, kwa sababu wino hauna uwezo wa kutoa mwanga kama skrini.

Majibu hayo yakirudi, maelekezo yanajiandika karibu yenyewe. Kwa programu ya Midjourney yangekaa hivi, kisha wakala huyatafsiri kwa Kiingereza, ambacho programu nyingi hukielewa vizuri zaidi:

```
Picha ya kamera: mama Mtanzania wa miaka 35, amevaa dera
la bluu, anachanganya asali ya kahawia iliyokolea kwenye
bakuli la uji wa ulezi kwa kijiko cha chuma. Jiko dogo la
Dar es Salaam, jiko la gesi la mezani, chupa ya chai.
Mwanga wa asubuhi kutoka kushoto. Mama yuko katikati,
kingo zote ni ukuta mtupu, meza ya mbele ni tupu.
--ar 2:3 --no kijiti, maua, nyuki, chupa ya asali, maandishi
```

Tazama mstari wa mwisho. `--ar` ni uwiano wa picha, ambao ulitokana na bango. `--no` ni orodha ya visivyotakiwa, na ina sababu ya kukaa peke yake: ukiandika ndani ya maelezo "pasiwe na kijiti cha asali", mara nyingi mashine hulishika neno kijiti na kukileta. Orodha hiyo haitoki kichwani kwa wakala. Inatokana na swali ambalo barua imelificha karibu na mwisho: "Ni vitu gani mkiviona kwenye picha mtasema hii si asali yetu?" Wazee wa kikundi hulijibu swali hili haraka kuliko mengine yote, na majibu yao ndiyo yenye faida kubwa.

Kikundi kikitaka mzinga wa gogo uonekane, maneno hayatoshi. Programu imeuona mara chache mno, italeta pipa au kisiki. Itabidi watume picha ya mzinga wao wa kweli, na kama kuna mfugaji aliyesimama chini ya mti huo, watume pia ridhaa yake ya maandishi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura ya mtu haipakiwi kwenye programu ya kampuni ya ng'ambo kwa sababu tu picha ilikuwa kwenye simu ya katibu.

Barua inafunga kwa ombi moja la kazi ya mikono, nalo ndilo linalochelewesha watu wengi: "Tupigieni picha chupa yenu pande nne. Iwekeni karibu na dirisha, mwanga ukitoka kushoto kama utakavyokuwa kwenye picha ya jikoni, bila kuwasha flashi ya simu. Shikeni simu usawa wa katikati ya chupa, msiinamie kutoka juu. Sogeeni nyuma hatua mbili na mvute kwa zumu mara mbili, kwa maana simu ikiwa karibu sana huivimbisha chupa tumboni. Tumeni kama faili, si kama picha ya kawaida ya Wasapu, ambayo hupunguzwa ikiwa njiani. Na asali iliyomo iwe ya mavuno yaleyale mtakayoyapeleka Sabasaba."